🙏 ya Bi Rehema haikuwa asante

"Sikukubali jina langu litoke. Nilikuwa nakusihi."

Ndivyo Bi Rehema wa Chaani alivyoniambia kwa simu leo, habari ikiwa karibu kutoka.

Habari ni ya maji taka yanayoingia vyumba vya wapangaji. Yeye ni mmoja wao. Mwenye nyumba akiliona jina lake, atamfukuza.

Jana nilimwandikia: "Shikamoo Bi Rehema. Naweka jina lako, sawa?"

Akajibu 🙏 tu.

Mimi nikasoma asante. Mhariri wangu, mtu wa bara na wa kanisani, akasema: "Huyo anatuombea. Chapisha, na jina lake."

Nikapiga simu hata hivyo.

"Wallahi mwanangu, sisi dua twaomba kwa viganja wazi. Huyo aliyekutanisha viganja anaomba tafadhali. Usinitaje."

"Na asante je?"

"Asante huiandika. Kwani nimekatwa vidole?"

(Nilistahili.)

Emoji hii ilianzia Japani, na huko viganja vikikutanishwa huwa ni kuomba na pia kushukuru. Kwa hiyo hakuna aliyesoma vibaya kabisa. Kosa ni swali langu, ambalo 🙏 ingeweza kulijibu kwa kukubali au kwa kukataa.

Jina nimelifuta na habari nimeizuia kwanza. Mhariri amenuna. Anune.

Nyinyi mkitumiwa 🙏 mnaelewa nini? Niambieni hapo chini.

Kesho baada ya alasiri niko Chaani. Nitamsomea Bi Rehema habari yote, aseme ndiyo au la kwa mdomo wake.