Dakika Moja ya Maximilla

Mimi ndiye niliyeshika rejista ya maji, kwa hiyo nisimlaumu mtu mwingine sana. Lakini nitamlaumu kidogo, maana hasira yangu haijaisha tangu mwaka ule wa mvua kubwa, tisini na saba, na aliyezaa hasira hiyo ni nusu mimi na nusu Bwana Obiero.

Naitwa Perez Aoko. Nilikuwa karani wa maabara katika mtambo mdogo wa maji hapa Kisumu, ambao jina lake nitaliacha lilale. Ninayetaka kumsimulia ni Maximilla Nakhungu, mpima maji wetu. Alizaliwa karibu na Port Victoria, kwa mama muuza samaki. Tangu akiwa na miaka sita mama yake alimfundisha kufunua shavu la ngege, samaki wa ziwani, na kusoma wekundu wa ndani. "Usome alfajiri," alimwambia, "ikifika saa sita jua limeshakudanganya." Maximilla alikuja mjini na jicho hilo, akasomea kazi ya maji, na jicho likapata pa kufanyia kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unajaza tyubu ya kioo maji ya mfereji, unatia kidonge namba moja, unakiponda na kukoroga. Kama maji yana klorini huru, yanageuka rangi ya waridi mara moja. Tyubu unaiweka kwenye komparata, kisanduku chenye diski ya vioo vya rangi, unazungusha mpaka rangi zifanane, unasoma namba. Klorini huru ndiyo inayoua vijidudu upesi. Ukishaisoma, unatia kidonge namba tatu katika tyubu ile ile, unangoja dakika mbili, unasoma tena. Hiyo ni klorini yote. Ukitoa ile ya kwanza, inayobaki ni klorini iliyokwisha kushikana na uchafu wa ziwa, amonia hasa. Nayo inafanya kazi, lakini kwa uvivu, na kipindupindu hakiwangoji wavivu.

Maximilla alinieleza yote hayo siku ya kwanza kwa sababu alitaka nijue ninachoandika. Akamalizia: "Namba moja unaisoma ndani ya dakika moja, Perez. Ukichelewa, ile mvivu nayo inaanza kupaka rangi polepole. Unaona waridi inakolea, unafikiri maji ni mazuri."

Sasa msikilize Bwana Obiero, msimamizi wetu. Miaka miwili kabla ya hapo, wapimaji wawili walikuwa wanaandika namba wakiwa wamekaa baa, hawajagusa hata mfereji. Akawafukuza, na alifanya vizuri. Kisha akatunga sheria: komparata haitoki ofisini, inakaa kwenye droo yake, na ufunguo uko kwenye mkufu wa suruali yake. Mpimaji atatia kidonge kule kule mferejini, kwa kuwa kitabu kinasema hivyo, atafunga tyubu, ataileta ofisini kwenye sanduku, na Bwana Obiero mwenyewe ataisoma dirishani. Kutoka kioski cha maji cha mtaa wa Obunga mpaka dirisha hilo ni dakika ishirini na tano kwa baiskeli, tope likiruhusu.

Umeona? Mtu alitunga sheria ya kuzuia uongo, na sheria ikawa ndiyo inayosema uongo kila siku, kwa muhuri.

Kioski hicho cha Obunga kilikuwa cha Mama Nabwire. Kando yake alikaa Walter, fundi baiskeli, mtu wa mzaha asiyechoka. Kila Maximilla akifika alimwita daktari wa maji. "Daktari, mgonjwa wako yuko aje leo?" Naye alikuwa akimkazia cheni huku akinywa maji ya mfereji ule kwa kikombe cha bati. Maximilla alitazama tyubu ikibaki karibu nyeupe, waridi ya kubabaisha tu, halafu akakitazama kikombe cha Walter. Alijua anachokiona. Hakuwa na komparata ya kukithibitisha.

Akifika ofisini, Bwana Obiero anainua tyubu dirishani. "Pointi nne. Safi kabisa. Perez, andika."

Kiwango chetu kilikuwa isipungue pointi mbili, yaani 0.2. Nikaandika nne.

"Bwana Obiero," Maximilla alisema siku moja mwezi wa kumi na moja, ziwa likiwa limejaa uchafu wote wa mito, "kule mferejini haikuwa hivi. Ilikuwa pointi moja, labda haifiki. Nipe komparata niende nayo."

"Uende nayo ukasomee baa?"

"Mimi sinywi pombe."

"Hata wale walisema hivyo. Haraka haraka haina baraka, Madam. Rangi inataka muda itulie."

"Rangi hii haitulii, inakimbia!"

Alipiga meza. Bwana Obiero hakupenda, lakini si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mtu mbaya ungemchukia ukapumzika. Alisema, "Sawa, twende hapa kwa mfereji wa uani. Nitapima mwenyewe, nitasoma hapo hapo. Tuone kama iko tofauti."

Maximilla alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Tulitoka wote. Bwana Obiero akachukua tyubu iliyokuwa kwenye sinki la pale uani, akaimwaga, akajaza maji, akatia namba moja. Waridi ikaja papo hapo, nzito. Akazungusha diski. "Pointi nane! Sekunde thelathini! Sasa je?"

Uso wa Maximilla ulianguka. Akaikagua tyubu. "Hii ni ile niliyotilia namba tatu asubuhi. Haijasuuzwa. Mabaki ya namba tatu yakibaki kidogo tu, klorini yote inajitokeza kama huru. Rudia na tyubu safi, tafadhali."

"Kila mara kuna sababu," alisema Bwana Obiero akiirudisha komparata kwenye sanduku lake. "Muda mbaya, tyubu mbaya. Kesho utaniambia jua baya."

"Jua nalo ni baya! Linaharibu rangi!"

Alikuwa amesema kweli tupu, na ilisikika upuuzi mtupu. Mimi nilicheka. Yawa, nilicheka kweli, na Maximilla alinitazama.

Kesho yake alifanya jambo. Bwana Obiero alipovua suruali ya kazi avae ya mkutano wa kanisa, aliacha mkufu juu ya kiti. Maximilla akafungua droo, akaondoka na komparata mpaka Obunga. Akasuuza tyubu mara tatu kwa maji yale yale ya mfereji, akapima, akasoma kabla ya dakika kwisha. Pointi moja. Akatia namba tatu, akangoja dakika mbili kwa saa ya Walter. Klorini yote: moja na pointi moja. Yaani karibu yote ilikuwa ile mvivu. Alirudi, akachukua kalamu yangu, akaandika mwenyewe kwenye rejista: huru, 0.1.

Bwana Obiero aliporudi na kuona, hakupiga kelele. Alifunga droo, akamwandikia Maximilla barua ya onyo, kisha akanisogezea rejista. "Perez, hii haikusomwa kwa utaratibu. Kata. Andika nne, kama jana."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na woga, na mkono wangu ulikuwa umezoea nne. Nikakata, nikaandika kwa mwandiko mzuri.

Wiki iliyofuata kipindupindu kiliingia Obunga. Afisa wa afya aliyeitwa Wanyonyi alikuja ofisini kwetu mapema tu, jambo la kumsifu, akaomba rejista. Alipitisha kidole kwenye safu: nne, nne, tano, nne. "Maji yako sawa," alisema. "Basi ni vyakula." Akatoka, na askari wa baraza la mji wakaenda kuwabomolea akina mama wa samaki vibanda vyao. Omena, wale dagaa wa ziwa, wakamwagwa kwenye mitaro. Watu waliendelea kuchota kwa Mama Nabwire, kwa sababu waliambiwa waogope samaki, si maji.

Siku kumi nzima! Siku kumi zilipotea kwa ajili ya nne zangu.

Maximilla, binti wa muuza samaki, alienda kukaa kwenye benchi la afisa Wanyonyi asubuhi mbili mfululizo mpaka akamsikiliza. Siku ya tatu Wanyonyi alikuja kwetu, akanyoosha mkono kwa Bwana Obiero, akasema, "Komparata." Ikatolewa. Tukaenda Obunga wote wanne kwa gari lake, rejista ikiwa mapajani mwangu.

Mama Nabwire alitufungulia mfereji bila salamu. Maximilla alijaza tyubu mbili safi. Zote mbili alizitia namba moja. Ya kwanza alimpa Wanyonyi asome hapo hapo, kivulini: pointi moja. Ya pili aliifunga, akaiweka kwenye sanduku lake. "Hii tutaisoma kwa utaratibu," alisema, na sikupata kusikia sauti kavu kama ile.

Tulisimama pale dakika ishirini na tano. Kiti cha Walter kilikuwa kitupu, sanduku la spana limefungwa kwa kamba.

"Fundi yuko wapi?" Maximilla aliuliza hatimaye.

"Tulimzika Jumamosi," alisema Mama Nabwire. "Hata samaki hakuwa anakula, yule. Walikuwa wanamdhuru."

Maximilla alifungua sanduku. Akampa Wanyonyi tyubu ya pili. Wanyonyi akazungusha diski, akarudia, akainua macho. "Nne," alisema.

Bwana Obiero aliitazama tyubu muda mrefu. Kisha akageuka, akaenda garini, na jioni ile ile aliongeza dozi ya klorini kwa mkono wake mwenyewe mpaka huru ikapanda. Droo haikufungwa tena kamwe. Hayo namhesabia.

Lakini kabla hatujaondoka kioskini, Wanyonyi aliifungua rejista juu ya meza ya bati ya Mama Nabwire, akarudi nyuma kurasa chache, akafika pale palipokatwa. Chini ya mstari wangu, 0.1 ya Maximilla ilionekana vizuri kabisa.

"Hapa mtu alikuwa ameandika ukweli," alisema. "Nani aliukata?"

Bwana Obiero alikuwa garini. Maximilla alikuwa ameinama mferejini anasuuza tyubu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Angeweza kujibu. Hakunitazama hata kidogo.

"Mstari huo na hiyo nne ni mwandiko wangu," nilisema.