Mabano ya Marko

Kiwandani walimwita Bi Nukta, maana hapakuwa na nukta iliyompita. Kwa miaka ishirini na sita alisahihisha vitabu vya dini katika chumba kilichopakana na mashine za uchapaji, rula ya mbao mkononi, akishuka mstari kwa mstari.

Siku kurasa za Injili ya Marko zilipofika mezani, rula ilisimama kwenye sura ya mwisho. Aya ya tisa hadi ya ishirini zilitiwa ndani ya mabano. Humo ndimo ilimokuwa ahadi kwamba waaminio watashika nyoka. Mdogo wake, mhubiri, alikuwa ameumwa na nyoka akifyeka nyasi nyuma ya kanisa, akakataa hospitali kwa kuitegemea ahadi hiyo. Alikufa siku ya pili, na waumini wakanong'ona kwamba imani yake ilikuwa haba.

Alizibeba kurasa hadi kwa mhariri wa tafsiri, mzee aliyesoma Kigiriki mpaka macho yakachoka.

"Mzee, haya mabano ni ya nini?"

"Nakala mbili kongwe kuliko zote zenye sura hiyo, za karne ya nne, zinaishia aya ya nane. Nyingine moja ina mwisho mfupi tofauti, nyingine zina miisho yote miwili. Halafu tazama aya ya tisa: Maria Magdalene anatambulishwa upya, na ametajwa aya chache tu nyuma. Hata maneno si ya Marko."

"Kwa hiyo ni uongo?"

"Sikusema hivyo. Ni za kale mno. Karne ya pili tayari kuna aliyezinukuu, na nakala nyingi za baadaye zinazo. Ndiyo maana hatuzifuti. Mabano yanasema: zimepokewa tangu zamani, lakini inaelekea si mkono wa Marko."

Meneja wa kiwanda hakuyataka mabano. "Yatoe. Wachungaji watatupigia simu mpaka tuzizime."

"Watupigie," alisema Bi Nukta. "Mimi nimezika mtu, bosi. Msomaji aambiwe tunachokijua."

Meneja akakubali, mradi iwepo tanbihi chini ya ukurasa. Bi Nukta na mzee waliiandika kwa mistari minne.

Jumapili alimweleza mama yake yote. Mama alisikiliza akikunja nguo, hakulia.

"Kwa hiyo Marko mwenyewe aliishia wapi?"

"Hakuna ajuaye kwa hakika, mama. Huenda ukurasa ulipotea. Ila nakala hizo zinaishia kwa wale wanawake kukimbia kaburini wakitetemeka. Hawakumwambia mtu, kwa kuwa waliogopa."

Mama aliiweka nguo chini.

"Mdogo wako aliogopa usiku ule. Alinishika mkono. Sikumwambia mtu, wasije wakamcheka."

"Mbona hata mimi hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mwanangu?"

Bi Nukta alisogea, akaketi karibu naye, wakaendelea kukunja nguo pamoja.