Soma Ulichoandika

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mkali kama pilipili, lakini hatukuwahi kumsikia akisema "umekosea." Alisema tu, "Soma ulichoandika."

Siku hiyo alimwita ubaoni Kimya, msichana wa dawati la nyuma. Chaki ina urefu wa mita 8 × 10⁻². Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mita 8 × 10⁻⁶. Je, chembe ngapi zikipangwa mstari mmoja zitafikia urefu wa chaki? Kugawanya nane kwa nane, Kimya alipata moja. Kwenye vipeo akafanya −2 − 6, akaandika 10⁻⁸.

"Soma ulichoandika, mwanangu."

"Chaki nzima... haitoshi hata chembe moja."

Tukaangua kicheko.

"Nyamazeni! Mwenzenu anafikiri."

Kimya aliitazama chaki mkononi, kisha akaona alichosahau: kipeo cha pili nacho ni hasi, na kutoa hasi ni kujumlisha. −2 + 6 ni 4.

"Chembe elfu kumi, Mwalimu."

Kwa furaha Mwalimu akaandika swali jingine haraka haraka: atomu ina upana wa mita 1 × 10¹⁰.

"Mwalimu," Kimya akasema taratibu, "soma ulichoandika."

Tukainamisha vichwa tukingoja radi.

"Atomu ina upana wa mita bilioni kumi," Mwalimu akasoma. "Salaala! Atomu yangu imeupita mwezi!"

Akamnyooshea Kimya chaki.

"Niwekee hasi hapo, mwalimu."