Mashine Iliyohakikiwa

Tulimwita Mama Namba, na wala hakununa. Alikuwa mtunza stoo wa kituo chetu cha afya, na kila kitu, kuanzia kitanda na mizani hadi jokofu la chanjo, alikuwa amekibandika namba yake ya mali. Ukihamisha benchi kutoka mapokezi kwenda chumba cha sindano bila kumwambia, utamsikia. Sisi wauguzi tulimtania kwamba ukisinzia zamuni utaamka umebandikwa.

Kitu kimoja kilimnyima raha: mashine ya oksijeni kwenye kona ya chumba cha dharura. Ilikuwa imekufa zamani, fundi akanyoosha mikono. Kila mwaka, kwenye rejista ya mali, aliandika kwamba ni mbovu na ifutwe. Lakini mtunza stoo hana ruhusa ya kufuta mali. Hiyo ni kazi ya kamati ya makao makuu, na kamati haikuwahi kukaa. Isipofutwa, inahesabika. Kila tulipoomba nyingine tulijibiwa kwamba kituo kinayo. Nikikumbuka majibu yale hasira hunipanda mpaka leo.

Yeye yalimuuma zaidi. Mjukuu wake, mtoto wa binti yake wa pekee, alikuwa na kifua kibovu. Baridi ikianza tu, anahema kwa tabu. Hospitali kubwa iko mbali, na baridi ilikuwa inabisha hodi.

Mwaka huo uhakiki ulifanywa na mhasibu kutoka makao makuu, mtu mpole. Yeye na Mama Namba walizunguka chumba kwa chumba. Mhasibu alisoma namba kwenye rejista na kukitafuta kitu, kisha akageuza, akashika kitu na kuitafuta namba yake kwenye rejista. Walipofika kwenye mashine, Mama Namba aliichomeka kwenye umeme mbele yake. Kimya. Akamsihi aiondoe kwenye rejista, nusura apige magoti.

"Mama yangu, mimi nimetumwa kuangalia kama ipo," mhasibu alisema. "Ipo?"

"Ipo, lakini haifanyi kazi."

Mhasibu akaandika kwamba ipo na ni mbovu, akaahidi kuikumbusha kamati. Kisha akabandika stika mpya ya kijani: IMEHAKIKIWA. Mama Namba akatia sahihi, maana angekataa ingeonekana imepotea mikononi mwake.

Baridi ikaja. Asubuhi moja binti yake aliingia mbio na mtoto kifuani, midomo ya mtoto imebadilika rangi. Tulimpokea, tukafanya tulichoweza, tukapiga simu ya gari la wagonjwa. Binti akaangaza macho chumbani, yakatua kwenye ile stika.

"Mama, mashine si hiyo hapo?"

Mama Namba alikuwa amesimama mlangoni na funguo zake za stoo mkononi.

"Ipo, mwanangu," alisema.

Gari lilipofika, mtoto alikuwa ameshaacha kuhema.