Nne, Siyo Mbili

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Mke wangu husema nina kiberiti kifuani. Siku ninayoisimulia, kiberiti hicho kilimuunguza mtoto wa watu.

Nilikuwa nafundisha fizikia Moroni, mji mkuu wa Komoro. Watu wa kisiwa jirani cha Ndzuani walikuwa wametangaza kujitenga, na wanajeshi wa kwetu wakapelekwa Mutsamudu, mji wao mkubwa, kuwarudisha kwa bunduki. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Alipigwa risasi ya tumbo, akazikwa hukohuko bila mimi kumwona. Mama alilia hadi sauti ikamkauka. Mimi sikulia. Nilirudi kazini nikiwa na siku tatu bila usingizi, na darasani kwangu alikuwamo mwanafunzi mmoja wa Mutsamudu.

Baba yake alimleta Moroni kwa ajili ya mtihani wa mwisho, bakaloria. Alikuwa mtoto wa kwanza katika ukoo wao kufika hapo. Alikuwa mpole, na lafudhi ya kwao haikumtoka. Wenzake walishaanza kumwita adui.

Nilichora grafu ubaoni: baiskeli inashuka mlima, muda chini, umbali pembeni. Mstari ulianza umelala, ukapinda ukienda juu, maana baiskeli ilizidi kushika kasi. Baada ya sekunde nne ilikuwa imekwenda mita nane. Nikauliza: kasi yake ni ngapi palepale, sekunde ya nne?

"Mbili!" darasa zima likajibu. Waligawa nane kwa nne.

Yule wa Mutsamudu akanyoosha mkono. "Nne, Fundi." Kwetu mwalimu huitwa fundi.

Nikamwita mbele. Akachukua rula ya ubaoni, ile ya mbao ya mita nzima, akaiweka kwenye nukta ya sekunde ya nne. Akaizungusha polepole, akiangalia uwazi kati ya rula na mstari uliopinda, mpaka uwazi wa kushoto ukalingana na wa kulia. Akapiga tanjenti, mstari mnyoofu unaougusa ule uliopinda kwenye nukta ile tu. Kisha akachagua nukta mbili zilizo mbali juu ya tanjenti yake: sekunde ya pili kwenye mita sifuri, sekunde ya sita kwenye mita kumi na sita. Mita kumi na sita kwa sekunde nne: nne kila sekunde.

"Mbili ni wastani tangu ianze kushuka," alisema. "Fundi ameuliza kasi ya wakati uleule."

Alisema kwa lafudhi yake, na mimi nikamsikia aliyemuua mdogo wangu. Nyuma mmoja akapiga kelele, "Wandzuani wanajua kila kitu, hata kuua!" Darasa likacheka. Nikamnyang'anya rula.

"Jibu ni mbili," nikasema.

"Hapana, Fundi."

Nikampiga. Pigo la kwanza begani, la pili sikioni, kwa ubapa wa mbao, na damu ikatoka. Akayumba, akaangukia meza yangu, akaishika. Nikampiga tena mgongoni. Rula ikavunjika.

Mwalimu akishapiga, nani atawazuia wanafunzi? Walimburuta uani, wakampiga mateke kichwani na mbavuni, wakamfukuza kwa mawe mpaka bandarini. Mimi nilisimama dirishani nikitazama. Alipanda meli ya kwenda kwao jioni ileile, na bakaloria hakuifanya tena.

Tangu hapo, kila aliyeniuliza nilimjibu vilevile: msiba ulinivuruga akili, nikachanganya wastani na kasi ya papo hapo. Nikaizoea hadithi hiyo hata nikalala nayo.

Visiwa vilipopatana nilivuka kwenda Mutsamudu kumtafuta. Wenyeji wakanielekeza kijiji cha Patsy, juu milimani, anakochochea moto wa mtambo wa mafuta ya manukato ya maua ya mlangilangi. Nilimkuta amebeba kuni. Nilipomsalimia aligeuza kichwa, anisikie kwa sikio zima. Akanitandikia gunia, akanipa maji.

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Nikamsimulia juu ya mdogo wangu. Nikasema, "Siku ile nilikosea hesabu, mwanangu. Akili haikuwapo."

Akasukuma kuni motoni.

"Fundi, kipigo nimekusamehe zamani," akasema. "Una msiba, na mimi nina misiba. Lakini usiniambie ulikosea. Nilipoangukia meza yako daftari lako lilikuwa wazi, nikalisoma. Jibu uliliandika mwenyewe. Nne."

Niliiandika asubuhi ile kwa wino mwekundu, na nilipoinua rula nilikuwa naijua.