Madaraja Yaliyopimwa Saa Tisa

Jambo la kwanza nililoliona kwa Mama Zamu ni jinsi alivyobandika karatasi kwenye kioo cha dirisha na kuisoma kwa mwanga wa nje. Alikuwa akitafuta alama za kifutio.

"Sita wamefutwa," alisema. "Bosi ana lake jambo."

Amepanga zamu katika makao ya wazee ishirini na wanne kwa miaka kumi na minne. Karatasi ilionyesha daraja la kila mzee: anayejiweza, anayehitaji mlezi mmoja, anayehitaji wawili. Wa wawili walikuwa tisa. Sasa walibaki watatu.

Alinieleza hesabu yake. Kati ya saa moja na saa nne asubuhi wazee wote huinuliwa, huogeshwa, huvishwa na kunyweshwa dawa, na msongamano huo hausogezwi. Kwa madaraja ya zamani, kazi hiyo ingemchukua mlezi mmoja jumla ya saa kumi na tatu na nusu. Ukigawa kwa saa tatu hizo, unapata walezi wanne na nusu, yaani watano. Kwa madaraja mapya wanatosha wanne. Usiku nako, badala ya wawili kukesha, mmoja angekesha na mwenzake alale hadi aitwe.

"Kumgeuza mzee kitandani kunataka mikono minne," alimwambia meneja ofisini. "Miwili ikorome?"

"Madaraja kapima nesi, si mimi. Halafu huyo mlezi wa tano si mpwa wako? Usinifanye mtoto, mama."

"Mpwa wangu mfukuze leo leo, Bosi, lakini weka mwingine! Mwalimu akiinuliwa na mtu mmoja ataanguka, na nyonga yake haina spea."

Mwalimu ni mzee wa chumba cha kwanza, mmoja wa wale sita.

Mama Zamu aliomba fomu za nesi, akazipekua moja baada ya nyingine, kisha akazirudia. Zote ziliandikwa wakati ule ule: saa tisa alasiri.

"Ahaa! Saa tisa wameshaoga, wamevaa, dawa imelegeza viungo. Mwalimu hata alisimama kumsalimia nesi. Mje mwone akiamka, mguu ni gogo."

Meneja alizikusanya fomu akazirudisha kwenye faili.

"Nani alimpangia nesi saa hiyo?" Mama Zamu aliuliza.

"Alikuja alipopata nafasi."

Mama Zamu hakuridhika na jibu hilo, na meneja hakuridhika na habari ya mpwa. Walikubaliana jambo moja tu: nesi apime upya asubuhi, ndipo ratiba isainiwe.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu, wote wawili walikuwa nje ya chumba cha kwanza, kila mmoja akimchunga mwenzake asiingie kabla ya nesi. Ndani Mwalimu aliuliza kama wageni wa kumpima wamefika.

"Bado, baba," alijibu Mama Zamu, macho yakiwa kwenye mlango wa mbele. "Lala hivyo hivyo. Wanakuja."