Magunia Kumi na Sita kwa Cherehani Moja

Lwaboshi hakuwahi kuiamini kwacha. Leo inanunua hiki, kesho hainunui, alikuwa akisema, ila gunia ni gunia. Marehemu baba yake, kule Fizi, Kongo, alihesabu baiskeli kwa magunia ya pamba, naye hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, akahesabu kila kitu kwa magunia ya soya. Mabati? Magunia matatu. Jirani zake walimcheka, hasa aliposema nyama ya Krismasi ilikuwa nusu gunia bila mifupa.

Mwaka jana aliuliza dukani Lilongwe, akaambiwa bei ya cherehani ya miguu, akapiga hesabu yake: magunia manane. Alikuwa nayo manane, lakini yalikwishakwenda kwenye ada ya ushonaji ya binti yake Charlène. Basi mwaka huu akaamua kukata mzizi wa fitina. Alikodi shamba la pili kwa wenyeji wa Dowa, apate kumi na sita. Cherehani ingepatikana, na magunia manane yangebaki.

Tatizo lilikuwa palizi. Charlène alikuwa akikodi mashine kwa siku kwa Ndayisenga, fundi wa pale kambini, akishona sare za shule, na wateja walikuwa wameanza kumzoea. Baba yake akamtoa huko. Miezi mitatu binti akashika jembe, na wateja wakatafuta fundi mwingine. Hakulalamika. Lwaboshi alijipongeza kimoyomoyo kwa kuwa na mtoto mwenye adabu.

Soya ikakubali. Magunia kumi na sita kamili yakapakiwa kwenye gari la mizigo hadi ghala la Chilinde, Lilongwe, naye juu yake ameketi kama bwana harusi.

Ghalani akakuta foleni ndefu. Kumbe nusu ya Dowa nao walikuwa wamelima shamba la pili. Mnunuzi, mtu mpole, alimweleza kwa Kichewa kwamba bei ya gunia imeshuka kwa theluthi. Ng'ambo inakouzwa soya hiyo mavuno yalikuwa makubwa, viwanda vya huko vikalipa kidogo, na yeye hakuwa na la kuongeza. Atauza au atarudi nayo? Nauli ya kurudi nayo Lwaboshi hakuwa nayo. Akauza.

Noti alizotoka nazo zilikuwa nyingi kuliko za mwaka jana, kwa hiyo akaingia dukani bado ana matumaini. Cherehani ilikuwa ileile, nyeusi, yenye maua ya dhahabu. Bei yake ilikuwa imepanda kwa nusu. Mwenye duka alisema vyombo hivi hulipiwa kwa dola, na dola nchini zimeadimika, maana tumbaku na soya zinazozileta zimeleta chache.

Lwaboshi akakaa kwenye ngazi ya duka, akahesabu kwa vidole kama alivyozoea. Magunia kumi na manane. Akahesabu tena, yakatoka yaleyale. Mwaka jana mtu mwenye manane angeondoka na cherehani. Yeye alikuwa na mara mbili yake na bado amepungukiwa mawili. Mashine haikubadilika hata msumari. Gunia lake ndilo lililokonda, na akiongeza shamba la tatu, wenzake nao wataongeza. Ilimuuma. Akamkumbuka baba yake, aliyelima pamba hadi kaburini na baiskeli hakuipata.

Jioni alifika nyumbani mikono mitupu. Charlène alimwekea nsima, ugali wa huku, kisha akamuuliza taratibu cherehani imekuwa magunia mangapi sasa. Akamwambia.

“Na sare moja ya mutoto, ukiondoa kitambaa na kukodi mashine,” akauliza baba, akikwepa macho yake, “inakuachiaka gunia ngapi?”

Charlène akafikiri. Soya ilipokuwa na bei, alisema, sare kumi zilimwachia gunia moja. Kwa bei ya leo, saba tu zingetosha, kwa sababu sare haikushuka.

“Na kwa mwezi ulikuwa unashona ngapi?”

“Makumi tatu, Papa.”

Lwaboshi akaacha kula. Miezi mitatu ya palizi ilikuwa sare tisini, na sare tisini kwa bei ya leo ni magunia kumi na mawili na ushee, ilhali shamba la pili lilimwongezea manane tu. Kodi ya shamba la pili na mbegu hakuthubutu hata kuzitaja.

“Mwanangu,” akasema, “nilikuondoa ku mashine ili nikununulie mashine.”

 Asubuhi alikwenda kwa mwenye shamba la pili kumwambia hatalikodi tena. Kisha akapita kwa Ndayisenga na kulipia mashine ya Charlène kwa muhula mzima, na kwa mara ya kwanza maishani akaitaja bei kwa kwacha.